Kukusudia na Kuwa na Hatia: Tendo la Jinai na Nia ya Jinai katika Rufani za Mauaji za Afrika Mashariki, 1932–1951

Ikisiri

Sheria ya jinai iliyorithiwa na nchi za Afrika Mashariki kutoka Uingereza hudai mambo mawili kabla ya mtu kutiwa hatiani: tendo la jinai na nia ya jinai. Makala haya yanafuatilia historia ya matakwa hayo mawili kupitia rufani tatu za mauaji yaliyohusishwa na imani ya uchawi, moja kutoka Kenya (1932) na mbili kutoka Uganda (1941 na 1951). Hoja inayojengwa ni kwamba nia ya jinai si sawa na kukusudia. Mtu anaweza kukusudia kuua na bado asiwe na nia ambayo sheria huihitaji ili kosa lake liwe mauaji ya daraja la juu. Istilahi za Kiswahili zilizozoeleka, yaani “kuua kwa kukusudia” na “kuua bila kukusudia”, huificha tofauti hiyo, na athari zake huonekana pale mshtakiwa anapotakiwa kujibu shtaka. Makala yanapendekeza istilahi mbadala.

1. Utangulizi

Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza rufani ya Fabiano Kinene na wenzake kutoka Uganda. Warufani walikuwa wamemuua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi katika kiwanja cha makazi yao. Katika jamii yao, kuonekana katika hali hiyo kulichukuliwa kuwa dalili isiyo na shaka ya mchawi aliye kazini. Vifo vilivyotangulia katika ukoo vilikuwa vimekwisha kuhusishwa na mtu huyo. Warufani walimkamata na kumuua kwa kumsukumia ndizi mbichi mwilini kupitia njia ya haja kubwa. Hiyo ndiyo namna iliyosadikiwa tangu zamani kuwa ndiyo inayofaa kwa mchawi. Hawakukana kwamba walimuua, wala hawakudai kwamba kifo kilitokea kwa bahati mbaya.

Mahakama ya chini iliwatia hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake pekee wakati huo ilikuwa kunyongwa. Mahakama ya Rufani iliiondoa hatia hiyo na kuweka mahali pake hatia ya kosa dogo zaidi, lile ambalo kwa Kiswahili cha mahakamani leo huitwa “kuua bila kukusudia”. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na maelezo haya kwa mara ya kwanza hana budi kushangaa. Watu waliomkamata mtu, wakamzuia na kumuua kwa njia iliyohitaji maandalizi, waliuaje bila kukusudia?

Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana kwa kuuangalia uamuzi wenyewe pekee. Linahitaji kueleza kwanza tendo la jinai na nia ya jinai ni nini, matakwa hayo yalifikaje Afrika Mashariki, na kwa nini sheria hudai yote mawili badala ya kutosheka na moja.

2. Asili ya matakwa mawili

Wanasheria hutumia maneno mawili ya Kilatini: *actus reus*, ambayo hapa yanaitwa tendo la jinai, na *mens rea*, yaani nia ya jinai. Maneno hayo yana chimbuko katika kanuni isemayo kwamba tendo peke yake halimfanyi mtu kuwa mkosaji ikiwa moyo wake nao hauna hatia. Kanuni hiyo ilienezwa katika sheria ya Uingereza na mwanasheria Edward Coke katika karne ya 17, lakini mzizi wake ni wa kale zaidi. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliligusa jambo hilo alipohubiri kuhusu kiapo cha uongo. Swali lake lilihusu mtu anayeapa jambo ambalo si kweli huku akiamini kwa dhati kuwa ni kweli. Kwa Augustino, ulimi hauwi na hatia mpaka moyo uwe nayo kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 12 wazo hilo liliingia katika mkusanyo wa sheria za Uingereza unaohusishwa na utawala wa Mfalme Henry wa Kwanza, nalo likaendelea kupanuka kutoka kiapo hadi makosa mengine.

Ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki haukuhitaji kufundishwa na Waingereza kwamba hali ya moyo ina uzito katika hukumu. Fikihi ya madhehebu ya Shafii, iliyofuatwa na makadhi wa pwani, hugawa kuua katika mafungu matatu: kuua kwa makusudi, kuua kwa kitendo kinachofanana na makusudi, na kuua kwa kukosea. Kila fungu lina matokeo yake katika kisasi na dia. Maneno *kusudi*, *nia*, *dhamiri* na *jinai* yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lugha ya fikihi hiyo. Kwa hiyo istilahi zilizotumiwa baadaye kutafsiri sheria ya Kiingereza hazikuwa vyombo vitupu. Zilikuwa na historia yake, na katika historia hiyo neno *kusudi* ndilo lililokuwa mpaka mkuu kati ya kuua kuliko kuzito na kuua kuliko kwepesi.

Sheria ya Kiingereza yenyewe ilifika kwa njia ya mzunguko. Hadi mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia Sheria ya Adhabu ya India. Mwaka huo Ofisi ya Makoloni iliiondoa na kuleta Kanuni ya Adhabu mpya, licha ya upinzani wa maofisa wa sheria waliokuwa wameizoea ile ya India. Chanzo cha kanuni mpya kilikuwa rasimu iliyoandikwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, na kupitishwa mwaka 1899. Ilipita Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904 na Nigeria nzima mwaka 1916 kabla ya kufika Afrika Mashariki.

Safari hiyo ina umuhimu kwa hoja ya makala haya. Griffith hakupenda kuyatumia maneno ya Kilatini. Mwaka 1907, akiwa Jaji Mkuu wa Australia, alieleza katika shauri moja kwamba chini ya kanuni yake hapakuwa tena na haja ya kurejea fundisho la zamani la nia ya jinai. Alikuwa ameligawa fundisho hilo katika vifungu vya kawaida. Kifungu kimoja kinasema kwamba mtu hawajibiki kwa tendo lililofanyika bila hiari yake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Kingine kinamlinda anayetenda kwa kuamini, kwa dhati na kwa busara, hali ya mambo ambayo kumbe siyo. Vifungu vya aina hiyo vimo hadi leo katika Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania. Hata hivyo kanuni za mwaka 1930 ziliagiza pia kwamba zifasiriwe kwa kufuata misingi ya ufasiri iliyotumika Uingereza. Kupitia mlango huo, fundisho ambalo Griffith alidhani amelifunga ndani ya vifungu lilirudi mahakamani, na majaji wakaendelea kulizungumzia kwa jina lake la Kilatini.

3. Tendo la jinai

Kanuni ya Adhabu husema kwamba mtu ambaye, kwa nia ovu ya awali, anasababisha kifo cha mtu mwingine kwa tendo lisilo halali au kwa kuacha kutenda, ana hatia ya mauaji. Sentensi hiyo moja ina mambo yote mawili. Ukiondoa maneno “kwa nia ovu ya awali”, kinachobaki ni tendo la jinai.

Tendo la jinai ni pana kuliko mwendo wa mkono. Katika mauaji lina sehemu nne: kuna mtu aliyekufa, kifo kimesababishwa na mshtakiwa, njia iliyotumika si halali, na mshtakiwa alitenda kwa hiari yake. Kuacha kutenda nako ni tendo pale sheria inapoweka wajibu. Mzazi anayemnyima mtoto mchanga chakula mpaka akafa amesababisha kifo sawasawa na aliyempiga. Mpita njia ambaye hakuruka mtoni kumwokoa asiyemjua hajatenda kosa, hata kama majirani watamlaumu, kwa kuwa sheria haikumwekea wajibu huo.

Sheria hudai tendo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ushahidi. Yaliyomo moyoni hayaonekani, na dola ambayo ingeadhibu fikra ingelazimika kutegemea uvumi, maungamo ya kulazimishwa na wapiga ramli. Ya pili ni ya uhuru. Mtu anayeota kulipiza kisasi bado ana nafasi ya kujirudi, na sheria humwachia nafasi hiyo mpaka atakapoanza kuitekeleza nia yake kwa tendo linaloonekana.

Tendo na nia havina budi kukutana pia. Mtu aliyepanga kumuua jirani yake Jumatatu, akaghairi, kisha Ijumaa akamgonga kwa gari kwa ajali tupu, alikuwa na nia siku moja na tendo siku nyingine. Mahakama zilikabili ugumu wa jambo hili mwaka 1954, Baraza la Faragha la London lilipoamua rufani ya Thabo Meli kutoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho. Watu wanne walimlewesha mwenzao ndani ya kibanda, wakampiga kichwani kwa mpango wa kumuua, na walipodhani amekufa wakamtupa chini ya genge ili ionekane ameanguka. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakufa kwa kipigo bali kwa kuachwa nje katika hali ile. Warufani walidai kwamba walipopiga walikuwa na nia lakini hawakuua, na walipoua hawakuwa na nia kwa kuwa waliamini wanatupa maiti. Baraza lilikataa kuyakata matendo hayo vipande. Lilisema ulikuwa mfululizo mmoja uliopangwa, na nia iliyouanzisha haikufutika kwa sababu ya kukosea wakati wa kifo.

4. Nia ya jinai na namna inavyojulikana

Nia ya jinai ni hali ya moyo ambayo sheria ya kosa husika inaitaja. Haifanani kwa makosa yote. Katika wizi ni kutaka kumnyima mwenye mali mali yake huku mhusika akijua hana haki nayo. Katika kupokea mali ya wizi ni kujua kwamba imeibwa. Katika mauaji ni nia ovu ya awali, na Kanuni ya Adhabu inaeleza yaliyomo ndani yake. Nchini Kenya na Tanzania inatosha kuthibitisha kwamba mshtakiwa alitaka kuua au kumdhuru mtu vibaya, au alijua kuwa tendo lake huenda likaleta matokeo hayo naye asijali. Uganda baadaye iliipunguza maana hiyo. Kutaka kudhuru vibaya hakutoshi tena huko. Lazima nia au ujuzi uhusu kifo chenyewe. Mtu aliyevunja mguu wa mwenzake kwa makusudi, na mwenzake akafa kwa jeraha hilo, anaweza kuwa na hatia ya mauaji upande mmoja wa mpaka na asiwe nayo upande wa pili, ingawa tendo ni lile lile.

Nia haina shahidi wa macho, kwa hiyo hujulikana kwa dalili. Mwaka 1945, katika rufani ya Tubere kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizitaja dalili ambazo majaji wa nchi zote tatu wamezitumia tangu wakati huo. Mahakama iangalie silaha iliyotumika, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, aina ya majeraha, na mwenendo wa mshtakiwa kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada yake. Mahakama iliongeza tahadhari kwamba ni rahisi zaidi kuhitimisha kuwapo kwa nia ovu pale penye mkuki au kisu kuliko penye fimbo. Tahadhari hiyo ilitoka katika maisha ya vijijini, ambako fimbo hubebwa na kila mtu na ugomvi wa pombe huweza kuishia kwenye kifo ambacho hakuna aliyekitaka.

Kuna pia jambo ambalo mara nyingi huchanganywa na nia, nalo ni sababu ya kutenda. Mtu aliyemuua mgonjwa kwa huruma na mtu aliyeua kwa ajili ya urithi wote walitaka kifo. Sababu zao zinatofautiana kama mchana na usiku, lakini nia yao mbele ya sheria ni moja. Sababu huweza kusaidia kuthibitisha nia au kuathiri adhabu, lakini kwa kawaida haiondoi hatia. Hapo ndipo mashauri ya uchawi yalipoleta taabu, kwa kuwa watu walioua waliona kwamba sababu yao ilikuwa njema kabisa.

5. Rufani tatu

Shauri la kwanza lilitoka Ukambani. Mke wa Kumwaka wa Mulumbi aliugua, na mwanamke mmoja akashukiwa kumroga. Kundi la wanaume lilimtaka aondoe uchawi huo, kisha wakampiga kwa fimbo hadi akafa. Washtakiwa walikuwa 70, na mwaka 1932 watu 60 kati yao walihukumiwa kunyongwa. Utetezi ulieleza kwamba waliyatenda hayo kwa imani kuwa wanailinda jamii dhidi ya mtu hatari. Mahakama ilikataa. Imani ya uchawi, hata ikiwa ya kweli moyoni, haikuwa ruhusa ya watu kujichukulia sheria mkononi. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hatia hiyo, lakini serikali ya koloni haikuwanyonga. Adhabu zilipunguzwa na kuwa vifungo.

Ukilipima shauri hilo kwa matakwa mawili, tendo halina utata. Nia nayo ilipatikana kwa sababu kipigo kilikuwa kikali, kilifanywa na wengi kwa kusudio la pamoja, na hakikukoma mapema. Ulinzi wa aliyekosea kuhusu hali ya mambo haukuwafaa. Sheria inataka imani iwe ya dhati na pia ya busara, nazo mahakama za kikoloni hazikukubali kwamba imani ya uchawi ni ya busara. Zaidi ya hayo, hata kama mwanamke yule angekuwa kweli amemroga mke wa Kumwaka, sheria haikumpa raia yeyote mamlaka ya kumuua kwa ajili hiyo.

Shauri la Kinene, miaka tisa baadaye, lilikuwa na jambo ambalo lile la Ukambani halikuwa nalo. Mtu aliyeuawa alikutwa papo hapo akifanya kitendo ambacho warufani walikiona kuwa uchawi dhidi yao. Mahakama haikusema kwamba hawakutaka kuua. Ilitumia fundisho la uchokozi: mtu anayeua kwa ghadhabu ya ghafla, kwa sababu ya tendo baya ambalo lingemfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia, hahesabiwi kuwa na hatia ya mauaji bali ya kosa lililo chini yake. Hatua muhimu ilihusu nani awe huyo mtu wa kawaida. Mahakama ilimpima kwa jamii ya mshtakiwa. Ikiwa mtu wa kawaida wa jamii hiyo naye angeamini kwa dhati kwamba anachokiona ni uchawi unaotendwa dhidi yake au dhidi ya mtu aliye chini ya ulinzi wake, basi uchokozi unaweza kuwapo.

Hapa ndipo swali la utangulizi linapojibiwa. Kinene na wenzake walitenda, walitaka kifo, na walikipata. Kilichopungua si kusudio. Ni lile lawama la juu kabisa ambalo sheria hulibeba katika maneno “nia ovu ya awali”. Sheria ilitambua kwamba moyo uliokusudia ulikuwa umekwisha kupokonywa utulivu wake. Uamuzi huo haukukosa udhaifu. Ghadhabu ya ghafla ni vigumu kuipatanisha na njia ya kuua iliyohitaji kutafutwa kwa ndizi na mikono ya watu kadhaa. Mahakama iliupita ugumu huo.

Shauri la tatu, la Eria Galikuwa mwaka 1951, lilionyesha mpaka. Galikuwa alikwenda kwa mganga kutafuta msaada, kisha mganga akamdai shilingi 1,000 ambazo hakuweza kuzilipa. Alisikia, kwa maelezo yake, sauti ya dawa ikimtishia kumla kwa kuwa hajalipa deni. Kwa kuamini kwamba maisha yake yanakaribia mwisho, alimuua mganga. Hofu yake ilikuwa kubwa na imani yake ilikuwa ya kweli, pengine kuliko ya Kinene. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ilithibitisha hatia ya mauaji. Ilieleza kwamba uchokozi unahitaji ghadhabu na si hofu pekee, na unahitaji tendo linalofanyika mbele ya mshtakiwa, si kitisho cha mambo yajayo. Tendo hilo liwe kosa la jinai, na ghadhabu iwe ya ghafla, si ya kutafakari.

Ukiziweka rufani hizo tatu pamoja, tendo ni moja: mtu ameuawa na anayeaminiwa kuwa amerogwa au yuko hatarini kurogwa. Kusudio nalo linafanana. Tofauti ya kunyongwa na kufungwa ilitokana na uchunguzi wa ndani zaidi wa hali ya moyo katika dakika za tendo. Huo ndio ushahidi ulio wazi kwamba nia ya jinai ni pana kuliko kukusudia.

6. Pale ambapo tendo hutosha

Kuna makosa ambayo Bunge limeamua yathibitike kwa tendo peke yake. Mengi ni ya usalama na biashara: kupakia gari kupita uzito ulioruhusiwa, kuuza chakula kilichochafuka, kutumia mizani isiyo sahihi. Sababu yake ni kwamba madhara huenea kwa watu wengi, ujuzi wa mfanyabiashara ni mgumu kuthibitisha, na adhabu kwa kawaida ni faini. Hata huko mahakama hazikuiacha nia itoweke kimya kimya. Mwaka 1895, katika shauri la Sherras nchini Uingereza, mwenye baa alishtakiwa kwa kumuuzia pombe askari aliyekuwa zamu. Askari alikuwa amevua kitambaa cha mkononi kilichoonyesha yuko kazini. Mahakama ilifuta hatia na kueleza kwamba nia ya jinai huchukuliwa kuwa inahitajika katika kila kosa mpaka maneno ya sheria au shabaha yake yaonyeshe vinginevyo.

Kwa washauri wa sera, kanuni hiyo ni onyo kwa waandishi wa miswada. Maneno kama “kwa kujua” au “kwa makusudi” yakiachwa kwa bahati mbaya, swali la nia huachiwa mahakama. Yakiachwa kwa kudhamiria katika kosa lenye kifungo kirefu, sheria inaweza kumfunga mtu asiye na lawama.

7. Tafsiri na jibu la mshtakiwa

Athari ya istilahi huonekana zaidi siku ya kusomewa shtaka. Mwaka 1973, katika shauri la Adan lililotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kufuata. Shtaka na mambo yote ya msingi ya kosa yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Upande wa mashtaka ueleze ukweli wa tukio, naye apewe nafasi ya kuupinga au kuufafanua. Akisema jambo linalotia shaka hatia yake, jibu la kukiri libadilishwe kuwa la kukana.

Mtu aliye katika hali ya Kinene anapoulizwa kwa Kiswahili kama aliua kwa kukusudia, jibu lake la kweli ni “ndiyo”. Alikusudia. Kwa jibu hilo anaweza kuonekana amekiri kosa la juu ilhali ukweli wa tukio lake unamweka katika lile la chini. Kinyume chake pia hutokea. Aliyempiga mwenzake shoka kwa lengo la kumvunja bega, akafa, atajibu kwa dhati kwamba hakukusudia kuua. Nchini Kenya na Tanzania jibu hilo halimtoi katika nia ovu, kwa kuwa kutaka kudhuru vibaya kunatosha. Katika hali zote mbili neno *kusudi* limebeba mpaka wa zamani na kuuweka mahali ambapo sheria inayotumika haikuuweka.

Uzito wa jambo hili haulingani katika nchi zote. Uganda, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2009, na Kenya, kwa uamuzi wa mwaka 2017, ziliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Jaji sasa anaweza kuipima adhabu. Tanzania bado ina adhabu hiyo kama ya lazima, na huko jina la kosa ndilo linaloamua maisha ya mtu.

8. Hitimisho

Rufani za Kumwaka, Kinene na Galikuwa zinaonyesha kwa nini sheria hukataa kuhukumu kwa tendo pekee au kwa moyo pekee. Tendo pekee lingewaweka katika kundi moja aliyepanga, aliyekosea na aliyeghadhabishwa. Moyo pekee ungemfunga mtu kwa chuki ambayo hakuitekeleza. Zinaonyesha pia kwamba katika mauaji swali la moyo haliishi kwenye kukusudia.

Istilahi zinazolingana na maneno ya Kanuni ya Adhabu ni “kuua kwa nia ovu” na “kuua pasipo nia ovu”. Jozi hii inayabeba bila mgongano mauaji ya uchokozi, ambayo yana kusudio lakini hayana nia ovu, na mauaji ya kipigo kikali, ambayo yanaweza kuwa na nia ovu bila kusudio la kuua. Haimwondolei mkalimani kazi ya kufafanua nia ovu ni nini katika nchi husika, na tofauti ya Uganda na jirani zake inafanya ufafanuzi huo uwe wa lazima. Inachofanya ni kumzuia mshtakiwa asijibu swali ambalo sheria haikumuuliza.